Kuthibitisha aidentiti za trigonometria kwa kushika upande mmoja, na kugundua hoja inayojizunguka

Swali la tatu kwenye karatasi ya mazoezi niliyowapa kidato cha tano hapa Busia lilisema: thibitisha kwamba

(1 − cos θ)/sin θ = sin θ/(1 + cos θ)

Nilipokusanya madaftari nikakuta kazi hii, au nyingine ya jinsi hii, kwenye kurasa nyingi:

```
(1 − cos θ)/sin θ = sin θ/(1 + cos θ)
(1 − cos θ)(1 + cos θ) = sin θ · sin θ
1 − cos² θ = sin² θ
sin² θ = sin² θ
Imethibitishwa.
```

Binti mmoja anayekaa karibu na dirisha alikuja na daftari lake baada ya kipindi. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini kengele ikishalia, Msamia, Mteso na Mganda wote wanakutana kwenye Kiswahili. Akaniambia: "Mwalimu, nimehesabu upya mara mbili. Onyesha nilipokosea." Nilitazama mstari kwa mstari. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Hata hivyo hakuwa amethibitisha kitu, na alistahili kuelezwa kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe, "thibitisha". Ukiambiwa utatue 2 sin θ = 1, unakubali kwa muda kwamba pande mbili ziko sawa, kisha unatafuta θ inayozifanya ziwe sawa. Ndiyo maana una ruhusa ya kuhamisha vitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiambiwa uthibitishe aidentiti, hakuna θ ya kutafuta. Swali linadai kwamba usawa huo ni kweli kwa kila pembe ambayo pande zote mbili zina thamani, na wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba dai hilo ni kweli. Usawa wenyewe bado uko kesini. Binti yule aliuandika kwenye mstari wa kwanza kana kwamba kesi imeshaamuliwa, kisha kila mstari uliofuata ukautegemea huo. Ni sawa na dereva wa lori anayefika hapa mpakani kuomba kugongewa muhuri, halafu akiulizwa karatasi zake anaonyesha muhuri uleule aliokuja kuuomba. Hiyo ndiyo hoja inayojizunguka.

Mtu anaweza kuuliza: lakini mwishoni amefika kwenye jambo la kweli, sin² θ = sin² θ, je hilo halitoshi? Halitoshi, kwa sababu njia hiyohiyo inaweza kuanza na uongo ikafika kwenye kweli. Chukua dai hili: √(1 − sin² θ) = cos θ. Liweke kwenye mstari wa kwanza, zidisha kila upande kwa wenyewe, utapata 1 − sin² θ = cos² θ, na hiyo ni kweli tupu. Kwa njia ya binti yule tungeandika "imethibitishwa". Sasa weka θ = 120°. Sini ya nyuzi 120 ni √3/2, mraba wake ni 3/4, 1 toa 3/4 ni 1/4, na kipeuo chake cha pili ni 1/2. Lakini kosini ya nyuzi 120 ni −1/2. Dai ni la uongo, na njia imelipitisha bila kulalamika. Njia inayopitisha uongo na kweli kwa usawa haiwezi kuwa shahidi wa chochote.

Jinsi ya kushika upande mmoja

Ninachowaambia wanafunzi wafanye kwanza ni cha mikono zaidi kuliko cha akili. Andika "Kushoto =" mwanzoni mwa mstari, weka hapo kile kilicho upande wa kushoto peke yake, kisha alama za usawa zishuke moja chini ya nyingine. Upande wa kulia uandike juu kabisa kwenye pembe ya karatasi, uuzungushie duara. Huko ndiko unakokwenda. Unaruhusiwa kuutazama, lakini hauruhusiwi kuingia kwenye kazi mpaka utakapofika wenyewe kwenye mstari wa mwisho. Kila alama ya usawa unayoandika isomeke hivi: "mstari huu ni sawa na ule ulio juu yake, kwa sababu fulani ninayoweza kuitaja."

Kisha chagua upande. Kwa kawaida anza na ule uliovurugika zaidi, wenye jumla ya sehemu mbili, au mabano, au vipeo. Kurahisisha kuna njia chache, na mara nyingi unaiona inayofuata. Kuvuruga kilicho rahisi kuna njia nyingi mno, na huwezi kubahatisha ile inayotakiwa. Katika swali letu pande zote mbili zina uzito uleule, kwa hiyo uchaguzi hauna tofauti kubwa. Nitachukua kushoto.

Halafu linganisha ulichonacho na unakokwenda, ujiulize ni kitu gani kiko kule ambacho huku hakipo. Kule chini ya mstari wa sehemu kuna 1 + cos θ. Kwangu haipo. Nitaileta vipi bila kubadili thamani? Nikizidisha juu na chini kwa kitu kilekile, sehemu haibadiliki, kwa sababu nimezidisha kwa 1:

```
Kushoto = (1 − cos θ)/sin θ
        = (1 − cos θ)(1 + cos θ) / [sin θ (1 + cos θ)]
        = (1 − cos² θ) / [sin θ (1 + cos θ)]
        = sin² θ / [sin θ (1 + cos θ)]
        = sin θ/(1 + cos θ)
        = Kulia
```

Mstari wa pili ni kuzidisha kwa 1. Wa tatu ni tofauti ya miraba miwili. Wa nne unatumia sin² θ + cos² θ = 1, ambayo tumeijua tangu tulipochora pembetatu ndani ya duara lenye nusu kipenyo 1. Wa tano ni kupunguza sin θ juu na chini. Angalia vizuri: hakuna mahali ambapo tumesema kushoto ni sawa na kulia mpaka tulipofika. Mwanafunzi anapoanza kujifunza, namtaka aandike sababu hizi pembeni mwa kila mstari kwa maneno mawili matatu. Baadaye ataacha, lakini mwanzoni pembeni hapo ndipo udanganyifu unapoonekana, kwa sababu mstari wa kuzunguka hauna sababu ya kuandika isipokuwa "kutoka swalini".

Wengine huuliza kama ni lazima kubaki upande mmoja tu. Si lazima. Unaweza kurahisisha kushoto peke yake mpaka ufike mahali fulani, kisha chini yake, kama kazi nyingine kabisa, urahisishe kulia mpaka ufike mahali palepale. Kinachokatazwa ni kuandika pande mbili kwenye mstari mmoja na kufanya jambo kwa zote mbili kwa wakati mmoja.

Kosa la hesabu: lipime kwa nyuzi 30

Swali la tano kwenye karatasi ileile lilikuwa hili:

(1 + sin θ)/cos θ + cos θ/(1 + sin θ) = 2 sec θ

Kijana mmoja alianza vizuri kabisa, kwa kushika upande wa kushoto:

```
Kushoto = (1 + sin θ)/cos θ + cos θ/(1 + sin θ)
        = [(1 + sin θ)² + cos² θ] / [cos θ (1 + sin θ)]
        = [1 + sin² θ + cos² θ] / [cos θ (1 + sin θ)]
        = 2 / [cos θ (1 + sin θ)]
        = 2 sec θ
```

Kazi hii ina umbo la uthibitisho. Haina mzunguko kwenye mwanzo. Lakini mstari wa nne hauendi popote, na kijana akaruka tu akatua kwenye jibu kwa kuwa alikuwa analiona kwenye karatasi ya maswali. Mruko wa mwisho kama huu ni ndugu wa hoja ya kuzunguka: mstari umeandikwa kwa sababu unatakiwa, si kwa sababu unatoka kwa ule wa juu yake.

Hapa kuna kipimo kizuri sana. Chagua pembe moja, weka kalkuleta kwenye nyuzi (hakikisha haiko kwenye radiani, wengi wamepoteza muda hapo), kisha pata thamani ya kila mstari. Nachukua θ = 30°, ambapo sin θ = 0.5 na cos θ = 0.8660. Mstari wa kwanza ni 1.5/0.8660 + 0.8660/1.5, yaani karibu 2.309. Wa pili ni (2.25 + 0.75)/(0.8660 × 1.5), karibu 2.309 tena. Wa tatu ni (1 + 0.25 + 0.75)/(0.8660 × 1.5), ambayo ni karibu 1.540. Thamani imebadilika. Basi ugonjwa uko kati ya mstari wa pili na wa tatu, na huhitaji kutazama pengine. Kijana amefungua mabano ya (1 + sin θ)² akasahau 2 sin θ ya katikati. Ukiirudisha, juu inakuwa 1 + 2 sin θ + sin² θ + cos² θ, yaani 2 + 2 sin θ, yaani 2(1 + sin θ). Kigawo cha 1 + sin θ kinaondoka juu na chini, na inabaki 2/cos θ, ambayo ndiyo 2 sec θ. Na ona mstari wa tano wa kijana: kwa nyuzi 30 thamani yake inarudi kuwa 2.309. Thamani ikiharibika kisha ikapona yenyewe kwenye mstari wa mwisho, ujue jibu limenakiliwa.

Chagua pembe kwa uangalifu. Epuka 0° na 90°. Dai la sin θ + cos θ = 1 linapita kwenye pembe zote hizo mbili, lakini kwa nyuzi 30 linatoa karibu 1.366, na limeanguka. Kumbuka pia kwamba pembe moja inayokataa inatosha kuliua dai, lakini pembe mia zinazokubali hazilithibitishi. Kipimo hiki ni cha kutafuta kosa tu.

Hoja ya kuzunguka: ulizia kila mstari ulikotoka

Sasa lijaribu lile daftari la binti kwa nyuzi 30. Kila mstari unakubali. Ujaribu kwa nyuzi 50, unakubali. Haiwezekani kuwa vinginevyo, kwa kuwa kila alichoandika ni kweli. Kalkuleta haioni mzunguko, na hili ndilo jambo ambalo walimu wengi tunachelewa kulisema waziwazi. Kosa la hesabu liko kwenye thamani ya mstari. Kosa la kuzunguka liko kwenye asili ya mstari, na asili haina namba ya kupimwa. Kwa hiyo unahitaji chombo kingine: kila mstari uulize, "wewe umetoka wapi?" Jibu likiwa "kwa mstari ulio juu yangu kwa kanuni tuliyokwisha kuipata", endelea. Jibu likiwa "kwa swali lenyewe", umeukamata.

Mzunguko wa waziwazi, ule wa kuzidisha kwa mshazari kwenye mstari wa kwanza, hauhitaji macho makali. Unaosumbua ni ule uliojificha ndani ya kazi inayoonekana imeshika upande mmoja. Nilikutana na huu kwenye daftari lingine, kwa swali lilelile la tatu:

```
(1 − cos θ)(1 + cos θ) = sin² θ, kwa hiyo
1 − cos θ = sin² θ/(1 + cos θ)
Kushoto = (1 − cos θ)/sin θ
        = sin² θ / [sin θ (1 + cos θ)]
        = sin θ/(1 + cos θ) = Kulia
```

Je, ni sahihi? Inategemea mstari wa kwanza umetoka wapi. Kama mwanafunzi aliupata kwa kufungua mabano, akaona 1 − cos² θ, akajua kwamba hiyo ni sin² θ, basi uthibitisho ni mzima na ni mzuri. Kama aliupata kwa kuzidisha swali kwa mshazari, ni mzunguko uliovalishwa nguo safi. Karatasi inaonyesha mstari uleule kwa hali zote mbili. Nilimwita mwenye daftari nikamuuliza, akanionyesha ukurasa wa nyuma alikokuwa amezidisha swali kwa mshazari kwa penseli. Sikumkata alama zote. Nilimwambia aandike hatua moja ya kati, (1 − cos θ)(1 + cos θ) = 1 − cos² θ = sin² θ, na kwa hatua hiyo moja mstari ukapata wazazi halali.

Namna nyingine inayojitokeza ni kutumia kanuni ambayo ni swali lenyewe kwa sura nyingine. Ukiulizwa uthibitishe 1 + tan² θ = sec² θ, halafu ukaandika "Kushoto = 1 + tan² θ = 1 + (sec² θ − 1) = sec² θ", umetumia tan² θ = sec² θ − 1, ambayo ni swali lililohamishiwa 1 upande wa pili. Njia ya haki ni kwenda chini zaidi: tan θ ni sin θ/cos θ, basi 1 + tan² θ ni (cos² θ + sin² θ)/cos² θ, na hiyo ni 1/cos² θ. Lakini ukiwa kwenye swali jingine, na hili umeshalithibitisha, una haki yote ya kulitumia. Kanuni moja inaweza kuwa halali kwenye swali la nne na haramu kwenye swali la pili, kutegemea ni ipi inayoulizwa.

Kuipindua kazi iliyozunguka

Narudi kwa binti wa dirishani, kwa kuwa kazi yake haikuwa ya kutupwa. Anayezidisha kwa mshazari kwenye karatasi ya rafu anafanya jambo la busara: anatafuta njia. Kosa ni kuileta rafu ile kama ithibati. Nilimwambia: "Mwanangu, anza na mstari wako wa chini kabisa, kisha panda kwenda juu."

Mstari wa chini ni wa kweli bila kumtegemea mtu. Akaanza na sin² θ = 1 − cos² θ. Akaweka upande wa kulia katika vigawo: sin² θ = (1 − cos θ)(1 + cos θ). Mpaka hapo kila kitu kina sababu. Ili afike kwenye swali, akahitaji kugawanya pande zote kwa sin θ (1 + cos θ), na akapata sin θ/(1 + cos θ) = (1 − cos θ)/sin θ. Huu sasa ni uthibitisho, kwa sababu umetoka kwenye kinachojulikana ukafika kwenye kinachoulizwa. Kufanya jambo kwa pande mbili hakukuwa kosa hapa, maana usawa alioanza nao ulikuwa umeshathibitishwa.

Kupindua hakukubali kila mara. Kila hatua lazima iweze kurudi nyuma. Kuzidisha kunarudi kwa kugawanya, mradi hugawanyi kwa sifuri. Kuweka mraba hakurudi kwa urahisi, kwa kuwa ukitoka kwenye miraba iliyo sawa hujui kama ishara ni jumlisha au toa. Rudi kwenye √(1 − sin² θ) = cos θ, ujaribu kupanda kutoka 1 − sin² θ = cos² θ. Utakwama hapohapo, kwani kipeuo cha cos² θ ni cos θ bila ishara yake, si cos θ yenyewe. Kupindua kumelikamata dai la uongo ambalo kushuka kulikuwa kumelipitisha.

Alipofika kwenye kugawanya, binti alisimamisha kalamu. "Mwalimu, na kama sin θ ni sifuri?" Tukaweka θ = 0°. Kulia kunatoa 0/2, yaani 0. Kushoto kunatoa 0/0, ambayo haina thamani. Tukaweka θ = 180°: kushoto ni 2/0, na kulia ni 0/0, kote hakuna thamani. Tukakubaliana kwamba pembe zote zinazofanya sin θ iwe sifuri ziko nje ya swali tangu mwanzo, maana upande wa kushoto hauna maana hapo. Na tukiziondoa hizo, 1 + cos θ nayo haiwezi kuwa sifuri, kwa sababu inakuwa sifuri pale tu cos θ ikiwa −1, na hapo sin θ ni sifuri. Basi kugawanya kwake kulikuwa salama, na mstari wa pili wa uthibitisho wangu ubaoni, ule wa kuzidisha kwa (1 + cos θ)/(1 + cos θ), ulikuwa salama kwa sababu ileile. Mimi sikuwa nimeiandika. Akaiongeza yeye kwa kalamu nyekundu, pembeni mwa mstari: "sin θ ≠ 0".